Maneno Yanayokaa Chini ya Picha ya Maziwa

Mfugaji anayeuza maziwa kwa kifurushi cha wiki huwa na picha moja na maneno machache chini yake. Picha ni ya chupa zilizopangwa, pengine ng'ombe nyuma yake, na huwekwa Instagram, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au kwenye status ya simu yake. Picha humfanya mtu asimame. Kinachoamua kama atalipia ni maneno, kwa sababu anayenunua maziwa ya wiki nzima analipa leo kitu kitakachofika kesho kutwa, na anataka kujua mambo manne: yanaletwa siku gani, lita ni shilingi ngapi, yako katika hali gani, na akisafiri fedha yake inakwenda wapi.

Instagram inaruhusu maelezo ya hadi herufi 2,200, lakini mtu anayepitisha kidole haoni yote. Huonyeshwa mstari mmoja au miwili ya mwanzo, na sehemu iliyobaki hufichwa mpaka aguse. Kwa hiyo siku na bei hukaa juu kabisa. Wauzaji wengi huanza na salamu na sifa, "Habari za asubuhi wapendwa, karibuni maziwa safi na matamu", na bei ikaangukia chini ambako haionekani. Matokeo yake ni watu thelathini kuandika "bei?" na mfugaji kujibu mmojammoja huku ng'ombe wanamsubiri.

Hata hivyo, ugumu wa maelezo haya hautoki kwenye simu. Unatoka bandani. Kila mstari ni ahadi ambayo ng'ombe ndiye atakayeitimiza, na ng'ombe hatoi maziwa kwa kufuata oda. Ndiyo maana maelezo mazuri huandikwa kwa kuanzia kwenye ndoo, hesabu ya lita ikishajulikana, kisha maneno yakafuata.

Chukua mfano wa mfugaji wa Tengeru, mashariki ya jiji la Arusha kwenye barabara ya Moshi, anayepeleka maziwa kwa familia za Kijenge na Njiro. Tuseme ana ng'ombe wanne wanaokamuliwa, na baada ya ndama na nyumba yake kupata mgao, anabaki na lita 40 kwa siku: 16 za jioni na 24 za alfajiri. Kishawishi cha kwanza ni kutafuta wateja wa lita 40. Akifanya hivyo atakosa kutimiza ahadi ndani ya mwezi.

Sababu zinajulikana na kila aliyewahi kufuga. Ng'ombe akipata ugonjwa wa kiwele na kuchomwa dawa, maziwa yake hayauzwi mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa upite, na mara nyingi ni siku kadhaa. Ng'ombe mwenye mimba hukaushwa, yaani huachwa kukamuliwa, kwa takriban miezi miwili kabla ya kuzaa, na siku za kwanza baada ya kuzaa hutoa dang'a, ambayo ni ya ndama. Kiangazi nacho hupunguza majani na maji, na lita hushuka hata kama hakuna anayeumwa. Ng'ombe mmoja kati ya wanne akitoka kwa muda, robo ya maziwa imeondoka.

Kwa hiyo mfugaji huyu anaahidi lita 32 tu. Lita nane zinazobaki ni akiba. Siku zote zikiwa salama, akiba hiyo inakwenda kwenye kituo cha kukusanyia maziwa au inageuzwa mtindi. Ng'ombe mmoja akitoka, akiba inaziba sehemu kubwa ya pengo, na mfugaji anajua mapema ni wateja wangapi wa kuwapunguzia. Lita 32 zikigawanywa kwa familia zinazochukua lita mbili kila mara, ni familia 16. Hiyo ndiyo namba inayopaswa kuonekana kwenye maelezo: nafasi ni 16. Zikijaa, mfugaji anaandika kwamba zimejaa na kuanza orodha ya wanaosubiri. Kupokea fedha ya familia ya kumi na saba ni kuuza maziwa ambayo hayapo.

Siku za kupeleka zinafuata. Kupeleka kila siku kunavutia lakini pikipiki hula faida. Kupeleka mara moja kwa wiki ni rahisi kwa mwenye pikipiki, ila hakuna maziwa mabichi yatakayomsubiri mteja siku saba. Katikati yake kuna siku tatu, mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ambazo huacha mapengo ya siku mbili, mbili na tatu. Maziwa yaliyochemshwa yakapozwa na kuwekwa ndani ya friji huvuka mapengo hayo. Nyumba isiyo na friji haiwezi, maana maziwa yaliyochemshwa na kuachwa kwenye joto la jikoni hufika kesho yake yakiwa yanaelekea kuganda. Ni heshima kwa mnunuzi kuandika hivyo waziwazi: kifurushi hiki ni kwa wenye friji. Siku zisizo za kupeleka, maziwa yote yanakwenda kituoni, kwa bei ya chini, na hesabu ya biashara nzima lazima ilijue hilo.

Saa pia ni sehemu ya ahadi. Maziwa ya jioni yanalala kwenye friji au kwenye maji yenye barafu. Ya alfajiri hukamuliwa saa kumi na moja, yanapozwa peke yake bila kumiminwa kwenye ya jana, kwa sababu maziwa ya moto yakichanganywa na ya baridi huyapandisha yote joto na vijidudu vikapata nafasi ya kuzaliana. Pikipiki inatoka saa kumi na mbili na nusu na mteja wa mwisho anapata chupa yake saa tatu asubuhi. Kati ya kukamuliwa na kufika kwake ni saa nne, muda ambao maziwa yasiyopozwa hayavumilii vizuri. Mfugaji asiye na njia ya kupoza afupishe safari yake au apunguze wateja, na maelezo yake yataje saa ambazo anaweza kweli kuzifikia.

Bei kwa lita inaonekana kuwa mstari mwepesi kuliko yote, na ndiyo inayozaa ugomvi mwingi. Chanzo chake ni chombo. Maziwa mengi ya mtaani huuzwa kwa "chupa", na chupa nyingi ni zile zilizokuwa za maji ya kunywa, baadhi ya nusu lita, nyingine ya lita moja, nyingine ya lita moja na nusu. Mteja anayesoma "chupa 2,500" hajui amenunua nini. Kuna pia tofauti ya kilo na lita. Vituo vingi vya kukusanyia hupima kwa mizani, na lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Mfugaji aliyezoea hesabu ya kituo akisema ana kilo 40, ana lita zisizofika 39. Tofauti ni ndogo kwa chupa moja, lakini kwa wiki nzima kuna familia ambayo chupa yake haitajaa.

Kwa hiyo bei hutajwa kwa lita, na papo hapo jumla ya wiki huwekwa kando yake ili mteja asilazimike kuzidisha. Tuseme lita ni shilingi 2,000. Lita mbili mara tatu kwa wiki ni lita sita, na lita sita ni shilingi 12,000. Jambo linalosahaulika ni gharama ya kupeleka. Kama mwendesha pikipiki analipwa shilingi 6,000 kwa safari ya asubuhi, kila moja ya zile lita 32 inabeba karibu shilingi 190. Mfugaji anaweza kuiingiza ndani ya bei au kuitoza peke yake, lakini maelezo lazima yaseme moja kati ya hayo. Kuiingiza ndani ni bora. Bei ya 1,800 ikifuatiwa na "nauli juu yako" humfanya mnunuzi ahisi ameongezewa jambo mlangoni, hata pale ambapo jumla ni ileile.

Mstari wa hali ya maziwa ni mfupi na haupaswi kukosekana hata siku moja. Maziwa ama ni mabichi, ama yamepashwa moto kitaalamu, na kupasha kitaalamu kuna vipimo: nyuzijoto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, kisha kupozwa haraka. Mfugaji aliyechuja kwa kitambaa na kuyapoza ameuza maziwa mabichi, hata yawe safi kiasi gani kwa macho. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na havionekani wala havina harufu. Kwa hiyo maelezo yaseme: mabichi, chemsha kabla ya kunywa. Wapo wanaoogopa kwamba maneno hayo yatamfukuza mteja. Mama wa Njiro mwenye mtoto mdogo atachemsha tu, na atamwamini zaidi aliyemwambia. Maneno "safi asilimia mia" hayamwambii chochote anachoweza kukitumia jikoni. Mwenye usajili wa Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, anaweza kuutaja hapa kwa mstari mmoja.

Sasa kusitisha kwa muda. Hapa ndipo maelezo mengi hunyamaza, na hapa ndipo vifurushi vingi huvunjika. Mteja anaondoka kwenda msibani Moshi, anarudi baada ya siku tano, anakuta chupa mbili zimechacha kwa mlinzi na fedha imekatwa. Halalamiki kwa sauti. Wiki inayofuata halipi, basi. Kwa upande wa pili, mteja anatuma ujumbe saa moja asubuhi, pikipiki ikiwa imeshapita Tengeru, kwamba leo asiletewe. Mfugaji anabaki na lita mbili zilizofungwa ambazo hakuna anayezisubiri.

Saa ya mwisho ya kusitisha inapatikana kwa kuuliza swali moja: ni wakati gani mfugaji bado anaweza kuyapeleka maziwa hayo kwingine? Katika mfano huu, maziwa ya jioni hukamuliwa saa kumi na kwenye saa kumi na mbili jioni ndipo huamuliwa ni kiasi gani cha kufungwa kwenye chupa, kiasi gani cha mtindi na kiasi gani cha kwenda kituoni alfajiri. Ujumbe unaofika kabla ya hapo unampotezea mfugaji tofauti ya bei tu. Kama kituo kinanunua kwa shilingi 1,000, lita mbili zilizositishwa mapema zinamgharimu shilingi 2,000. Zikirudi mlangoni saa tatu asubuhi zikiwa zimezunguka mji mzima, kituo kimeshafunga mapokezi na hasara ni shilingi 4,000 kamili, pamoja na sehemu ya pikipiki. Kwa hiyo saa ya mwisho ni saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia. Mfugaji mwingine mwenye ratiba tofauti atapata saa tofauti, na kunakili saa ya jirani ni kosa.

Sharti la pili ni siku ya kurudi. Mteja akiandika tu "nisitishie", mfugaji anashika nafasi isiyojulikana itatumika lini, huku mtu mwingine yuko kwenye orodha ya wanaosubiri. Kwa hiyo ujumbe wa kusitisha unataja siku ya kurudi, na kifurushi kinaanza tena chenyewe siku hiyo bila mteja kukumbushwa. Ukomo nao uwekwe. Siku 14 zinatosha kwa safari nyingi, na baada ya hapo nafasi inakwenda kwa anayesubiri, fedha iliyobaki ikirudishwa kwa mteja kupitia simu.

La tatu ni fedha, na mfano unaeleza vizuri kuliko kanuni. Familia imelipa shilingi 12,000 kwa wiki inayoanza Jumanne. Jumatano saa tisa mchana inatuma ujumbe wa kusitisha mpaka Jumanne ijayo. Imewahi, kwa hiyo ya Alhamisi na ya Jumamosi zote zinasitishwa. Lita nne, shilingi 8,000, zinahamia wiki inayofuata, na familia italipa 4,000 tu. Ujumbe huohuo ukitumwa Jumatano saa mbili usiku, umechelewa kwa Alhamisi: maziwa ya Alhamisi yatapelekwa na kuhesabiwa, na kinachohamia ni shilingi 4,000 za Jumamosi. Wiki inayofuata italipa 8,000. Mteja akitaka, chupa za Alhamisi apewe jirani au mlinzi. Huo ni uamuzi wake, na anatakiwa kuusema.

Kuna majira ambayo kanuni hii haitoshi. Desemba, familia nyingi za Arusha hurudi kwao Kilimanjaro na kwingineko kwa Krismasi, na zaidi ya nusu ya wateja wanaweza kusitisha wiki moja. Ng'ombe hawasafiri. Lita 20 zikirudi mikononi mwa mfugaji ghafla, na kituo nacho kikiwa kimejaa maziwa ya wengine wenye shida ileile, bei ya huko hushuka au mapokezi hufungwa. Dawa yake ni kutangaza mapema, katikati ya mwezi, kwamba kwa wiki ya Krismasi ujumbe wa kusitisha utumwe siku saba kabla. Muda huo unatosha kupanga mtindi, ambao hukaa muda mrefu kuliko maziwa na watu huununua kwa wingi siku za sherehe.

Baada ya hesabu yote, maelezo yenyewe hayazidi mistari kumi:

"Maziwa ya ng'ombe kutoka Tengeru hadi mlangoni, Kijenge na Njiro. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Lita Sh 2,000, kuletewa ndani yake.

Kifurushi cha wiki: lita 2 kila siku ya kuletewa, jumla lita 6, Sh 12,000. Lipa kabla ya Jumatatu saa 12 jioni. Yanafika kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi.

Ni mabichi na yamepozwa: chemsha kabla ya kunywa, kisha weka kwenye friji.

Unasafiri? Tuma SITISHA, jina lako na siku ya kurudi, kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Fedha inahamia wiki ijayo. Nafasi yako inashikwa siku 14.

Nafasi ni 16."

Namba ya simu na ya malipo hukaa chini yake, na zikiwa mbili tofauti ziandikwe ipi ni ya nini. Neno SITISHA kwa herufi kubwa lina kazi: mfugaji akifungua simu jioni huku mikono ina harufu ya kiwele, analitafuta neno moja kwenye ujumbe wote badala ya kusoma mazungumzo marefu. Majibu yake yawe mafupi vilevile, yakirudia tarehe, mfano: "Nimesitisha Alhamisi na Jumamosi. Unarudi Jumanne. Una Sh 8,000." Jibu hilo ndilo ushahidi wa pande zote mbili, na linatunzwa na simu bila daftari, ingawa daftari bado linafaa.

Status ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo maelezo haya huwekwa upya kila Jumapili, siku moja kabla ya malipo, na nakala yake hutumwa moja kwa moja kwa kila mteja anayeanza. Aliyejiunga Machi hawezi kutafuta mwezi Agosti picha aliyoiona mara moja. Bei ikibadilika, wateja wa zamani wanaambiwa kabla ya picha mpya kutoka, angalau wiki mbili mbele, na fedha waliyokwisha kulipa inahesabiwa kwa bei ya zamani mpaka iishe.

Ubovu wa maelezo hujulikana kwa maswali yanayofika. Wakiuliza bei, bei iko chini mno. Wakiuliza "Sakina mnafika?", maeneo hayakutajwa au yametajwa kwa jina la jumla kama "Arusha mjini". Ujumbe wa kusitisha ukiwa unafika asubuhi, saa ya mwisho haikueleweka, au imewekwa katika muda ambao mteja bado yuko kazini na hajafikiria kesho. Na chupa zikianza kukutwa kwa mlinzi zikiwa hazijachukuliwa, mteja huyo hajui kwamba anaweza kusitisha. Apigiwe simu jioni hiyohiyo, kabla wiki yake haijaisha.